Jinsia na Heshima katika Kufasiri Mchezo: Kisa cha Porshia na Shailoki

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa fasiri yake ya mchezo wa William Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, akaiita *Mabepari wa Venisi*. Yamesemwa mengi juu ya jina hilo, lililomgeuza mfanyabiashara mmoja kuwa mabepari wengi, tena miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Sisi hapa twapenda kutazama jambo dogo zaidi, ambalo humkabili kila afasiriye mchezo huo: viwakilishi vya nafsi.

Tuanze na jinsia. Porshia ajigeuza mwanasheria wa kiume ili amwokoe Antonio mahakamani, naye mumewe Basanio hamtambui. Katika Kiingereza kila atajwapo huyo mwanasheria, kiwakilishi chenyewe husema kuwa ni mwanamume, na watazamaji, ambao waijua siri, hucheka. Kiambishi chetu *a-* hakisemi lolote. Katika kesi yenyewe hasara si kubwa, kwa kuwa vazi laonekana. Ugumu waja katika tendo la tano, Porshia amshitakipo mumewe kwamba pete amempa mwanamke. Basanio akijibu tu, “Nilimpa aliyetuokoa,” hajajitetea. Hapo sharti jina lichukue kazi ya kiwakilishi: “Nilimpa bwana mmoja mwanasheria.” Lakini litajwe mara moja au mbili, pale shauri linapolitegemea. Mfasiri atiaye “mwanamume yule” kila mstari hufanya watu wazungumze kama hati ya polisi.

Heshima ni shauri zito zaidi. Mchezo huu ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1600, na Kiingereza cha zama hizo kilikuwa na njia mbili za kumsemesha mtu mmoja. Umbo la wingi lilikuwa la adabu. Umbo la umoja liliwaendea watoto, watumishi, wapenzi, Mungu katika sala, na mtu aliyedharauliwa. Umbo hilo la umoja limekwisha kutoka katika Kiingereza cha kawaida. Ndiyo maana msomaji wa leo hulidhania kuwa pambo la kishairi, akalipita.

Tazama basi tendo la kwanza, onyesho la tatu. Antonio ataka dukati 3,000 kwa ajili ya Basanio. Shailoki amkumbusha jinsi alivyomwita mbwa na kumtemea mate. Lakini malalamiko hayo yote ayasema kwa umbo la adabu, tena kwa jina la heshima. Antonio amjibu kwa umbo la umoja kwamba huenda akamtemea tena. Katika tendo la tatu, onyesho la tatu, Antonio yu chini ya ulinzi wa askari jela. Sasa Shailoki ndiye atumiaye umbo la umoja, akimkumbusha tusi lile lile la mbwa. Tusi halikubadilika; aliyebadilika ni mwenye nguvu, na mabadiliko hayo yamo katika kiwakilishi.

Kiswahili kikiandika *u-* huku na *u-* kule, mageuzi hayo hupotea, na wanafunzi huona Shailoki mmoja tu, mkali tangu mwanzo hadi mwisho. Wala kukimbilia wingi hakufai. Katika onyesho la kwanza Basanio amesimama papo hapo; Shailoki akisema “mmenitukana,” watazamaji watadhani na Basanio alitukana.

Heshima yetu imekaa penginepo: katika jina la kuitia, katika kitenzi cha kuomba badala ya kitenzi cha kuamuru, na katika kuliacha au kulitamka neno *wewe*. Twaweza kuonyesha kwa maneno yetu wenyewe. Shailoki wa kwanza aseme: “Bwana Antonio, nakuomba ukumbuke uliyonitenda.” Antonio amjibu bila jina lolote: “Nilikutenda, na nitakutenda tena.” Shailoki wa pili aseme: “Wewe, nyamaza. Uliniita mbwa.” *Bwana* limeondoka, *wewe* limeingia, amri imechukua nafasi ya ombi. Ili hayo yasikike, mfasiri hana budi kuliweka akiba neno *wewe*. Akilitawanya ovyo katika onyesho la kwanza, halitakuwa na makali katika la pili.

Neno *bwana* nalo lina hila yake, kwani Porshia hulihitaji kwa mumewe, na watu wote hulihitaji kwa Antonio. Twaona afadhali kwa Basanio liwe “mume wangu,” ili *bwana* libaki kuwa kipimo cha daraja. Kuna waliotuuliza kwa nini lisitumike *ndugu*, lililoenea sana Tanzania baada ya mwaka 1967. Shailoki akimwita Antonio *ndugu*, amekwisha kujipatia ule usawa ambao Venisi ilimnyima, na deni la ratili moja ya nyama halitakuwa na sababu tena.