Hatari Isiyotangazwa: Arua 2018 na Haki Zisizositishwa

Tarehe 13 Agosti 2018, siku mbili kabla ya wapiga kura wa Manispaa ya Arua nchini Uganda kumchagua mrithi wa Ibrahim Abiriga, mbunge wao aliyeuawa kwa risasi mwezi Juni, Yasin Kawuma, dereva wa mbunge Robert Kyagulanyi, alipigwa risasi ndani ya gari akafa. Serikali ilidai msafara wa Rais ulirushiwa mawe, na zaidi ya watu 30 wakakamatwa. Kassiano Wadri alishinda kiti hicho tarehe 15 Agosti akiwa kizuizini. Siku iliyofuata Kyagulanyi, ambaye ni raia, alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Gulu kwa kumiliki silaha. Alidai ameteswa, jeshi likakanusha.

Siku hizo zote hakuna aliyetangaza hali ya hatari. Makala hii inadai kwamba kutotangaza huko hakukuwalinda raia, bali kuliwanyima kinga ambazo tangazo lingezileta.

Ibara ya 4 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1995, inaruhusu dola kusitisha baadhi ya wajibu wake pale uhai wa taifa unapotishiwa. Ruhusa hiyo ina masharti: hatari itangazwe rasmi, hatua zisizidi kile ambacho hali inalazimu, zisiwe za kibaguzi, na nchi nyingine wanachama ziarifiwe mara moja kupitia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Katiba ya Uganda ya 1995 inafuata njia hiyo hiyo. Chini ya ibara ya 110, tangazo la Rais lazima lifikishwe Bungeni ndani ya siku 14, na haliwezi kudumu zaidi ya siku 90 bila Bunge kuliongeza muda. Ibara ya 47 inataka anayezuiliwa chini ya sheria za hatari apewe sababu kwa maandishi ndani ya saa 24.

Huenda msomaji akasema kuwa tangazo lingeipa serikali nguvu zaidi, kwa hiyo ni heri halikutolewa. Hoja hii ina uzito, kwani mamlaka ya hatari yametumiwa vibaya mara nyingi. Lakini pale askari wanapotenda kana kwamba hatari imetangazwa, nguvu inakuwa imeshachukuliwa, nayo saa ya kikatiba haijaanza kuhesabu. Bunge halina tangazo la kujadili, na nchi nyingine hazina taarifa ya kuhoji.

Kinga iliyobaki ni ile isiyongoja tangazo lolote. Ibara ya 44 ya Katiba inakataza kabisa kusitisha haki nne: kutoteswa wala kutendewa unyama, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya kumfikisha mahabusu mahakamani ili uhalali wa kuzuiliwa kwake uchunguzwe. Haki mbili za mwisho hazimo katika orodha ya ibara ya 4 ya Mkataba. Kamati ya Haki za Binadamu ilizitetea kwa tafsiri katika Maoni ya Jumla Namba 29 ya 2001. Hapo Katiba imeutangulia Mkataba. Katika kesi ya Kyagulanyi, tarehe 23 Agosti 2018 shtaka la kijeshi liliondolewa, lakini akashtakiwa papo hapo kwa uhaini katika mahakama ya kiraia. Tarehe 27 Agosti Mahakama Kuu ya Gulu ikampa dhamana. Miaka sita baadaye, tarehe 31 Januari 2025, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Michael Kabaziguruka kwamba kuwahukumu raia katika mahakama za kijeshi, kama zilivyoundwa wakati huo, kunavunja haki ya kusikilizwa mbele ya chombo huru. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyorudisha njia hiyo chini ya masharti mapya.

Hata hivyo orodha ya Katiba ina pengo ambalo kifo cha Kawuma kinalionyesha wazi: haki ya kuishi haimo. Imo katika orodha ya Mkataba, tena ya kwanza. Nao Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hauna kifungu kinachoruhusu kusitisha haki yoyote, jambo ambalo Tume ya Afrika ililishikilia katika shauri dhidi ya Chad.

Pengo hili lina matokeo ya kivitendo. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inamtaka hakimu abatilishe kesi ya jinai na kumwachia mshtakiwa ambaye haki zake zisizositishwa zimevunjwa, kwa hiyo kinachohesabiwa kuwa haki hizo ndicho kinachoamua nani anaachiwa huru. Tunapendekeza mambo mawili: Bunge liiongeze haki ya kuishi katika ibara ya 44; na hadi hapo, majaji wasome ibara hiyo pamoja na Mkataba, ili askari anayefyatua risasi mjini Arua asijitetee kwa kusema kwamba hali ilikuwa mbaya.