Timu ya zambarau: zoezi la kuhesabu kengele zilizolia

Leo tuangalie historia kidogo, kisha tuone inatufaa vipi kazini.

Kwa miaka mingi ulinzi wa tarakilishi ulipimwa hivi: timu nyekundu inajifanya wadukuzi, inaingia, inaandika ripoti, inaenda zake. Timu ya buluu, yaani walinzi, inasoma ripoti ikiwa imechelewa. Inajua kwamba ilishindwa, lakini haijui ni kengele gani hasa ilinyamaza, na kwa nini.

Mwaka 2010 shirika la MITRE la Marekani lilianza utafiti katika ofisi yake ya Fort Meade, jimbo la Maryland. Swali lao lilikuwa hili: adui akishaingia ndani, tunaweza kumgundua kwa vitendo vyake kwenye mashine? Hawakutumia maabara ya kuigiza tu. Walitumia sehemu ya mtandao wao wenyewe, takriban tarakilishi 250 ambazo watu walifanyia kazi zao za kila siku. Timu moja iliigiza adui halisi, nyingine ikatafuta nyayo zake, kisha matokeo yakalinganishwa.

Hapo ndipo walipohitaji lugha moja. Huwezi kulinganisha "tulijificha kwenye mashine" na "tuliona kitu cha ajabu." Kwa hiyo mwaka 2013 wakaanza kuandika orodha ya mbinu za wadukuzi, na Mei 2015 wakaifungulia dunia nzima kwa jina la ATT&CK. Toleo hilo la kwanza lilikuwa na mbinu 96 chini ya malengo 9. Mwaka 2017 kampuni ya Red Canary ikatoa bure Atomic Red Team, majaribio madogo madogo yanayofuata orodha hiyo. Sasa mlinzi mwenyewe angeweza kurudia mbinu moja bila kuajiri wadukuzi. Nyekundu na buluu zikakaa meza moja, na ukizichanganya rangi hizo unapata zambarau.

Basi tupange zoezi moja. Tuchukue mbinu T1053.005: adui anaiagiza Windows iendeshe programu yake kila siku, ili abaki ndani hata mashine ikizimwa na kuwashwa. Kwanza pata ruhusa ya maandishi, chagua mashine moja, na andika kabla ya kuanza ni kengele gani unatarajia ilie. Kisha andika saa na dakika, na uendeshe hii:

```
schtasks /create /tn Zoezi01 /tr calc.exe /sc daily /st 10:00
```

Usiulize tu "tumeona?" Uliza maswali manne, kwa mpangilio. Je, mashine iliandika tukio? Tukio lilifika kwenye seva kuu ya kumbukumbu? Kanuni ya ugunduzi ililitambua? Na je, kuna mtu aliyeiona kengele? Jibu la kwanza la "hapana" ndipo palipokatika.

Tuseme kanuni yako inasubiri programu iitwayo `schtasks.exe` ianze. Kengele inalia, mnafurahi. Sasa rudia mbinu ile ile kwa njia nyingine: fungua PowerShell na utengeneze kazi ile kwa `Register-ScheduledTask`. Kimya! Programu ya `schtasks.exe` haikuanzishwa kabisa, kwa hiyo kanuni haikuwa na cha kuona. Kanuni ilifuata chombo badala ya kitendo.

Kuna tukio linalofuata kitendo chenyewe, namba 4698, ambalo Windows huandika kazi mpya inapopangwa, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Ukilitafuta usilipate, usishangae, kwa sababu lazima liwashwe kwanza:

```
auditpol /set /subcategory:"Other Object Access Events" /success:enable
```

Hapo swali la kwanza ndilo lililofeli. Ungekesha ukirekebisha kanuni kwenye seva bila faida, maana hakukuwa na kitu cha kusoma.

Ukishawasha, andika kanuni mpya na urudie njia zote mbili. Jihadhari na mambo mawili. Usitege jina la `Zoezi01`, maana adui hatalitumia. Tena, wasimamizi wa mifumo na programu halali hupanga kazi kila siku. Kanuni inayolia kwa kila 4698 itachosha watu hadi waizime. Afadhali itazame kazi inaendesha faili gani, na faili hilo limekaa wapi. Mwisho, futa ulichoweka:

```
schtasks /delete /tn Zoezi01 /f
```

Katika jedwali lako usiandike "T1053.005: tuko salama." Andika njia mbili zilizojaribiwa, tarehe, na majibu manne ya kila moja. Njia ya tatu ambayo hamkuijaribu bado haina jibu, na mtu akisasisha mashine au kubadilisha mpangilio wa kumbukumbu mwezi ujao, hata hayo mawili yatahitaji kujaribiwa upya.