Pesa toka ng'ambo: Nani amekula dola zetu?

Swali hili linatufikia mara nyingi kutoka kwa wasikilizaji wa Nyabiondo, Kitshanga, Mubi na Walikale-centre. Ndugu aliye Ubelgiji anapiga simu, anasema: "Yaya, nimetuma euro mia moja." Mama anaenda kwenye kabine, anarudi na pesa isiyolingana na ile hesabu aliyoifanya kichwani. Ugomvi unaanza. Mwenye kabine anaitwa mwizi, au ndugu wa ng'ambo anaonekana amedanganya. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Pesa imekatwa sehemu tatu njiani, na mbili kati yazo zilikuwa zimeandikwa kwenye ekra ya simu kabla hajatuma.

Kwanza tujue kwamba hakuna noti inayosafiri. Ndugu analipa kwa karte yake ya benki, kwa euro. Kampuni yenye aplikasyo inapokea zile euro kule. Huku Kongo iko na mshirika mwenye dola au franka tayari, na huyo njo anayeingiza pesa kwenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ya mama. Katikati ya hapo, euro inapashwa kugeuzwa.

Sasa tuangalie ekra. Kabla ya kulipa, aplikasyo inaonyesha mambo manne: kiasi kinachotumwa, ada (kwa Kifaransa imeandikwa Frais), kiwango cha kubadilisha (Taux de change), na kiasi ambacho mpokeaji atapata. Watu wengi wanaangalia ada tu. Lakini kiwango cha kubadilisha njo mahali pesa nyingi inaweza kukatwa.

Juu ya nini? Kuko kiwango ambacho benki kubwa zinatumia zenyewe kwa zenyewe, na ambacho mtu yeyote anaweza kukitafuta kwenye intaneti. Aplikasyo nyingi hazimpi mteja kiwango hicho. Zinampa cha chini kidogo, na ile tofauti ni faida yao. Hata kambiste wa barabarani anafanya vile: ananunua dola yako kwa bei ya chini na kuiuza kwa bei ya juu. Tofauti ni kwamba kambiste unamuona.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme siku hiyo euro 1 ni dola 1.16 kwenye kiwango cha benki. Aplikasyo ya kwanza inaomba ada ya euro 2, na kiwango chake ni 1.13. Ndugu anataka kutuma euro 100, kwa hiyo analipa 102. Mama anapata 100 mara 1.13, maana yake dola 113. Zile euro 102 zingegeuzwa kwa kiwango cha benki, zingekuwa dola 118.32. Kwa hiyo zimebaki njiani dola 5.32: ada imechukua dola 2.32, na kiwango kimechukua dola 3.

Aplikasyo ya pili imeandika kwa maandishi makubwa kwamba haina ada. Lakini kiwango chake ni 1.10. Ndugu akiweka zile zile euro 102, mama anapata dola 112.20. Ile "ya bure" imempa mama pungufu ya senti 80. Njo maana kulinganisha ada haitoshi. Swali ni moja tu: nikitoa pesa hii yote mfukoni mwangu, mpokeaji atapata ngapi? Aplikasyo mbili zifunguliwe saa ile ile, maana kiwango kinabadilika kila siku, na hata ndani ya siku moja.

Kuko jambo lingine linalotuhusu sisi Wakongo zaidi. Simu ya mama iko na mifuko miwili: mmoja wa dola, mwingine wa franka. Aplikasyo nyingi zinamuuliza ndugu achague pesa itafika kwa sarafu gani, na yeye anabonyeza bila kumuuliza mama. Tuseme amechagua franka, na aplikasyo inatoa franka 2,500 kwa euro moja. Mama anapokea franka 250,000. Kama angepokea zile dola 113 na kambiste wa sokoni ananunua dola kwa 2,300, angepata franka 259,900. Karibu franka 10,000 zimeenda kwa kubonyeza vibaya.

Haiko kwamba dola inashinda kila mara. Mwishoni mwa mwaka 2025 franka ilipata nguvu kwa muda mfupi: dola iliyokuwa karibu na 2,800 ilishuka chini ya 2,500. Aliyekuwa ameweka dola kwenye simu akingoja alipoteza. Kwa hiyo mama aulize kwanza kambiste wa kwake leo ananunua dola ngapi, halafu amtumie ndugu jibu kabla hajabonyeza.

Sehemu ya tatu haionekani kwenye ekra ya ndugu hata kidogo: kutoa pesa kwenye kabine. Tangu benki za Goma zilipofunga mlango mwezi wa kwanza 2025, noti zimekuwa haba, na kwenye kabine nyingi unaombwa asilimia juu ya ile ya kawaida. Huku ndani, barabara ikifungwa, noti zinakuwa haba zaidi. Tena noti ya dola iliyopasuka kidogo, ao ya miaka ya zamani, inakataliwa sokoni, kwa hiyo iangalie kabla hujaondoka. Na senti hazitolewi: dola 112.20 inakuwa 112, senti ukipewa ni kwa franka.

Basi utajuaje pesa imepotelea wapi? Mwombe ndugu picha ya ekra yake baada ya kulipa, yenye ada, kiwango na kiasi cha kupokea. Chukua kiasi alichotuma, zidisha kwa kiwango. Jibu linapashwa kulingana na ujumbe ulioingia kwenye simu yako. Kama vinalingana, kampuni imefanya ilichoahidi, na kilichopungua kimepungua kwenye kabine. Kama ujumbe uko na pesa kidogo kuliko picha, ndugu njo anapashwa kulalamika, juu yeye ndiye mteja. Kama ujumbe haujafika, usigombane na mtu: kwetu mtandao ukianguka, ujumbe unaweza kuchelewa. Angalia salio kwanza.

Kwa walio na ndugu Marekani: tangu mwezi wa kumi 2013 sheria ya kule inalazimisha kampuni kuonyesha ada, kiwango na kiasi cha kupokea kabla mtu hajalipa. Inampa pia dakika 30 za kufuta baada ya kulipa, kama pesa haijachukuliwa ao kuingia kwenye akaunti. Akikosea namba ao sarafu, afanye haraka.

Na sisi tunaotuma nje, kama mzazi wa Masisi anayelipia mtoto masomo Kampala, hesabu ni ile ile. Ukituma dola, zitafika shilingi. Ukituma franka, uliza kama zinageuzwa mara moja ao zinapita kwanza kwenye dola, maana kila mgeuzo unakula kidogo. Usibonyeze kukubali mpaka umeona zitafika shilingi ngapi, na uandike ile namba. Mtoto akisema amepata pungufu, utajua umuulize nani.