Puto Angani, Bila Usukani

Puto huelea kwa sababu hewa moto iliyomo ndani ni nyepesi kuliko hewa inayolizunguka. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake tayari ni nyembamba. Asubuhi yenye nyuzi 17, puto lenye hewa ya nyuzi 100 hupata hapa nguvu ya kuinua gramu 220 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa halijoto zilezile, Dar es Salaam lingepata karibu 270. Kwa hiyo puto la mita za ujazo 6,000 huinua Kigali kilo 1,320, zikiwemo za turubai, kapu na mitungi ya gesi.

Rubani huchagua kimo, upepo huchagua njia. Alfajiri, hewa baridi huteremka mabondeni kufuata miteremko, huku upepo wa juu ukielekea kwingine. Akiwasha moto hupanda. Akifungua tundu la kileleni hushuka. Puto huchelewa kuitikia, hivyo humlazimu kuwahi. Kabla ya kuruka huachia kiputo kidogo na kutazama kinapopinda.

Jua likipanda, ardhi hupata joto, tabaka huchanganyika, na safari za puto katika mbuga ya Akagera huwa zimeshatua.