Limbikizo la punguzo la wingi

Limbikizo la punguzo la wingi ni kiasi ambacho mfumo wa ERP huingiza vitabuni kila ankara inapotolewa, kwa ajili ya punguzo ambalo mnunuzi atalipwa baadaye akifikisha kiwango cha manunuzi kilichokubaliwa. ERP ni programu ya kompyuta inayounganisha mauzo, manunuzi, ghala na uhasibu wa kampuni.

Punguzo hili halionekani kwenye ankara. Hulipwa mwisho wa kipindi, mara nyingi mwaka, ingawa linatokana na mauzo ya kila mwezi. Lisipolimbikizwa, mapato ya miezi ya mwanzo huonekana makubwa kuliko yalivyo. Kwa sababu hiyo kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 15 inamtaka muuzaji alikadirie na kulitoa katika mapato tangu mwanzo.

== Mfano ==

Kiwanda kinamuuzia mfanyabiashara wa jumla saruji kwa shilingi 15,000 kwa mfuko. Akinunua mifuko 10,000 kwa mwaka atapata punguzo la 2% kwa mifuko yote; akifikisha 20,000 atapata 4%.

Mwezi Januari ananunua mifuko 2,000 tu, lakini kwa mwaka anatarajiwa kufikisha 24,000. Hivyo mfumo hutumia 4%, si kiwango alichokwisha kufikia. Kwa mauzo ya shilingi 30,000,000, akaunti ya mapato hupunguzwa kwa 1,200,000 na deni la punguzo huongezwa kwa kiasi hichohicho.

Kufikia Juni amenunua mifuko 12,000 na limbikizo ni shilingi 7,200,000. Biashara yake imepungua, na makadirio mapya ya mwaka ni mifuko 18,000. Kiwango kinashuka kuwa 2%, kwa hiyo shilingi 3,600,000 zinarudishwa kwenye mapato ya Juni.

Mwaka unaisha kwa mifuko 18,400. Kiwanda kinampa hati ya krediti ya shilingi 5,520,000, na akaunti ya deni inabaki sifuri. Ikibaki na salio, huenda kiwango hakikurekebishwa au mifuko iliyorudishwa haikutolewa katika hesabu.

== Upande wa mnunuzi ==

Kwa mnunuzi, punguzo hupunguza gharama ya bidhaa, kama IAS 2 inavyoelekeza. Sehemu inayohusu bidhaa zilizo bado ghalani hupunguza thamani ya akiba. Iliyobaki hupunguza gharama ya mauzo.

Hatari hapa ni kuhesabu punguzo kabla halijastahili, kwani faida huongezeka bila fedha kuingia. Septemba 2014 kampuni ya maduka ya Tesco ya Uingereza ilitangaza kwamba makadirio ya faida yake ya nusu mwaka yalikuwa yamezidishwa kwa takriban pauni milioni 250, hasa kwa sababu mapato kutoka kwa wagavi yaliingizwa mapema na baadhi ya gharama zilicheleweshwa.