Maswali Matatu ya Borton: Kutoka Darasani hadi Wodini

Mwaka 1970 mwalimu Mmarekani Terry Borton alipanga tafakuri katika maswali matatu: nini kilitokea, kina maana gani, na sasa nifanye nini? Katika miaka ya 1990 John Driscoll aliyajengea kielelezo cha wauguzi nchini Uingereza. Swali la pili ndilo hurukwa. Mwanafunzi aandikapo, "Nilichelewa kumgeuza mgonjwa; nilisikitika; nitajitahidi," msahihishaji huona majuto, haoni sababu, na mpango hauna pa kushika. Akichambua na kugundua kwamba zamu ilikabidhiwa kwa mdomo, pasipo saa ya kugeuzwa kuandikwa, swali la tatu hupata jibu: kuisoma chati kando ya kitanda kabla ya kupokea zamu.