Dundumio si goita

Wifi yangu alipoambiwa hospitalini kwamba ana tatizo la tezi, alirudi nyumbani akasimama mbele ya kioo, akainua kidevu na kujipapasa shingo. Ilikuwa laini, haina uvimbe hata kidogo. Akanipigia simu: "Wifi, mimi sina tezi. Hawa wamechanganya majibu yangu na ya mtu mwingine."

Hakuna aliyechanganya. Kilichomkwaza ni neno lenyewe. Masikioni mwetu, mwanamke mwenye "tezi" ni yule aliyevimba shingo, mwenye goita, au rovu kama wazee wanavyoliita. Lakini tezi ni kiungo, na kila mtu anayo. Hii inayozungumziwa hapa imekaa chini kidogo ya kikoromeo, imelikumbatia koo la hewa kwa mbele, na kazi yake ni kutengeneza homoni inayouambia mwili mzima uende kwa kasi gani. Mwaka 1656 tabibu Mwingereza Thomas Wharton aliipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ngao, ndiyo hiyo thairoidi ya madaktari wetu. Kamusi za Kiswahili zina neno dundumio, nami nalipenda kwa sababu halina uvimbe ndani yake.

Ugonjwa wenyewe tuuiteje? Anayetafsiri haraka ataandika "tezi vivu", kana kwamba kiungo kimekataa kazi kwa hiari yake. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili imeigeukia dundumio na kuila polepole, ugonjwa alioueleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Kwa hiyo mimi nasema upungufu wa homoni ya dundumio. Ni refu, nakubali, lakini linataja kilichopungua. Shingo inaweza kuvimba na homoni ikatosha, na homoni inaweza kupungua shingo ikabaki laini kama ya wifi.

Yeye alikuwa na mwaka wa pili akitafuta mtoto. Hedhi yake ilikuja baada ya siku 45, mara nyingine 50, na ikija ilikuwa nzito ya siku nane. Alihisi baridi wakati wenzake wanajipepea, na chuchu zilikuwa zikitoa majimaji meupe ingawa hajawahi kunyonyesha. Mahali alipokwenda kwanza walipima prolaktini, homoni ya maziwa, wakaikuta imepanda, wakampa dawa ya kuishusha. Miezi mitano ikapita bure, kwa sababu hakuna aliyeuliza imepandishwa na nini.

Chanzo kilikuwa shingoni. Ubongo ukiona homoni ya dundumio imepungua, hupaza sauti. Sehemu yake iitwayo hipothalamasi hutuma ujumbe kwa tezi ndogo ya pituitari, nayo pituitari humwaga TSH, homoni ya kuihimiza dundumio. Shida ni kwamba ujumbe uleule wa hipothalamasi huichochea pia pituitari kumwaga prolaktini. Prolaktini ikizidi hukandamiza mapigo ya homoni yanayoamsha ovari, na yai halipevuki. Mwili unakuwa kama wa mama anyonyeshaye, wakati nyumbani hakuna mtoto. Hospitali ya pili ilipopima TSH ilikuta 24 mIU/L, wakati mtu mzima asiye mjamzito kwa kawaida hapiti 4 hivi. TSH kubwa maana yake ubongo unapiga kelele na dundumio haiitikii. Hapa wengi hukosea kusoma karatasi, wanadhani namba kubwa ni homoni nyingi.

Si kila mwenye upungufu hukosa yai. Wengine hupata mimba upungufu ukiwa palepale, na hao ndio wananitia hofu zaidi, kwa sababu mwanzoni kijusi hakina dundumio yake inayofanya kazi. Huanza kutengeneza homoni karibu na wiki ya 12, na haimtoshelezi hadi nusu ya mimba ipite. Kabla ya hapo ubongo wake unaishi kwa homoni ya mama. Inayovuka kondo la nyuma na kumfikia vizuri ni ile iitwayo T4, nao ubongo wa mtoto wenyewe huigeuza kuwa T3, aina yenye nguvu. Kwa T3 hiyo chembe changa za neva huhama kutoka zilikozaliwa katikati ya ubongo na kupanda kwenda kupanga safu za juu. Safari hiyo ina majira yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 huko Maine, Marekani, uliwapima watoto wa miaka 7 hadi 9 ambao mama zao walikuwa na upungufu bila kutibiwa wakati wa mimba. Alama zao za akili zilikuwa chini ya za wenzao kwa wastani wa alama 7. Lakini nisiwatishe wote. Majaribio mawili makubwa, ya 2012 na 2017, yaliwapa dawa wanawake ambao wengi wao walikuwa na upungufu mdogo tu, na akili za watoto hazikutofautiana na za wale ambao mama zao hawakupewa. Dawa ilianza karibu na wiki ya 13 katika moja, na ya 17 katika jingine, na huenda muda wenyewe ulikuwa umeshapita. Upungufu mkubwa kama wa wifi hauna mjadala: hutibiwa, na ni vizuri uwe umetibiwa kabla ya mimba.

Dawa ni levothairoksini, ambayo ni T4 ileile. Ndiyo maana vidonge vya T3 havimfai mjamzito, kwa kuwa havimfikishii mtoto anachohitaji. Wifi alianza na mikrogramu 100 kwa siku. Baada ya miezi minne TSH ilikuwa 2.1, chini ya 2.5 inayolengwa kabla ya mimba, na hedhi imerudi kwenye siku 30. Daktari akamwachia agizo moja: hedhi ikichelewa na kipimo kikionyesha mimba, usisubiri miadi, meza vidonge tisa kwa wiki badala ya saba. Mahitaji hupanda mapema mno, kwa karibu theluthi moja, na vidonge viwili vya ziada vinakaribia hapo. Akachagua Jumatano na Jumapili kuwa siku za kumeza viwili.

Mimba ikaingia. Hata hivyo, wiki ya 14 TSH ilikuwa imeruka hadi 6. Nilimuuliza asubuhi yake inakwendaje. Akanieleza kwamba ili asisahau, anameza levothairoksini pamoja na FEFO aliyopewa kliniki, akishushia na chai ya maziwa. Madini ya chuma huikamata dawa hiyo tumboni isinyonywe, na kalisi ya maziwa vilevile. Tukabadilisha: levothairoksini akiamka, kwa maji matupu, chai baada ya saa nzima, FEFO usiku. Wiki nne baadaye TSH ilikuwa 2.3. Aliendelea kupimwa kila wiki nne hadi katikati ya mimba, kisha mara moja karibu na wiki ya 30. Alipojifungua alirudi kwenye vidonge saba siku ileile, na kipimo kingine kikapangwa wiki ya sita.

Kwenye kadi yake ya kliniki nesi alikuwa ameandika "goita". Wifi alimwomba, kwa adabu, akate neno hilo na kuandika: upungufu wa homoni ya dundumio, anatumia levothairoksini. Nesi alimtazama shingo, akachukua kalamu.